Nimejenga Nyumba Mbili, Moja ya Mirunda

Wenye ghorofa ni wasiri sana. Watakutajia bei ya nondo, watakuhesabia mifuko ya saruji iliyoingia kwenye slabu, lakini hakuna atakayekunong'oneza kwamba siku ukitaka kupiga lipu ukuta wa nje, itakubidi kwanza ujenge nyumba nyingine ya miti kuizunguka ya kwako, uilipie, halafu uibomoe.

Mimi bajeti yangu ya lipu ilikuwa ya kiungwana: saruji, mchanga, maji, fundi. Fundi akaisoma, akaikunja, akanirudishia. "Bosi, saruji nimeiona. Sasa mimi nitasimama wapi?"

Nikamwonyesha mirunda iliyoshikilia slabu. Akaicheka. Ile ilikatwa kufika darini tu, na iliyobaki salama ni michache, maana slabu ilipokauka kila mtu alijikatia fungu lake. Mitatu ipo kwenye banda la kuku la shemeji. Mmoja umebeba turubai la mama lishe pale kona, na kila nikienda kula ugali nauona, na chakula nalipa kama wengine.

Basi tukakaa tukapiga hesabu ya ukuta mmoja tu, wa mbele. Urefu mita 12, kwenda juu mita 6 na nusu. Fundi anataka mti wa kusimama kila baada ya mita 2, kwa hiyo 7. Nikashusha pumzi, 7 si mingi. Akasema, "Hiyo ni safu moja, bosi. Safu ni mbili, ya karibu na ukuta na ya nje." Haya, 14. "Na mrunda wa mita 4 haufiki juu. Tunaunga miwili, inapishana mita nzima, inafungwa sehemu mbili." Ikawa 28, na hapo bado hatujalaza hata mmoja. Ile ya kulala inayokamata iliyosimama inapita kwenye mita 1 na nusu, mita 3 na mita 4 na nusu, kwa sababu mpiga lipu akisimama pamoja na rula yake hapo ndipo mikono yake inapofika vizuri. Nayo inapishana ikiungwa, kwa hiyo kila mstari unakula minne, mistari mitatu kwa safu mbili. Ongeza 24. Ukiweka na vile vifupi vya kukatisha vinavyobeba mbao, ya mshazari inayozuia jukwaa lisiyumbe, na ya kujikinga usawa wa kiuno, nikaona namba inapita 80, nikaomba maji ya kunywa.

Nikaleta hoja yangu. Kwa nini safu mbili? Jirani yangu alitumia moja! Vile vifupi upande mmoja vililala kwenye mti wa nje, upande wa pili vikachomekwa kwenye matundu ukutani. Nusu ya miti, nusu ya gharama. Fundi hakubishana, alinivuta hadi barabarani tukamtazame huyo jirani. Nyumba imepakwa rangi ya krimu, nzuri tu, ila katika kila usawa wa jukwaa kuna mabaka yamejipanga kwa mstari, kama vifungo vya shati. Lipu ilipigwa, miti ikachomolewa, matundu yakazibwa mwishoni, na kiraka cha jana hakikauki sawa na lipu ya wiki iliyopita. Kinasinyaa, pembeni kinachora ufa mwembamba wa duara, na mvua ikija maji yanajua pa kuingilia. Wenye kutaka matundu, akasema, wazibe kwa kipande cha tofali na udongo wa saruji mapema, pakauke, ndipo lipu ipite juu kwa pamoja. "Sasa bosi, ukiziba tundu kabla ya lipu, mti unaobeba ubao wangu utakuwa wapi?" Nilitazama vifungo vile, nikakubali safu mbili huku roho inauma.

Ila safu mbili nayo ina deni lake. Jukwaa la safu moja angalau limeuma ukuta. Hili la kwangu limesimama kivyake, na watu wanne juu wakisukuma mwiko kuelekea ukutani, lenyewe linasukumwa kwenda barabarani. Kwa hiyo lazima lishikwe na nyumba. Fundi akapitisha mrunda kupitia tundu la dirisha, ndani akalaza mwingine kukingama dirisha, akafunga pamoja, na nje akafunga kwenye jukwaa. Kila dirisha la juu hivyo hivyo. Mke wangu aliingia chumbani siku hiyo akakuta mti umelala kukatiza dirisha lake. "Baba Zuhura, hii ndiyo pazia?"

Tukaja kwenye kamba. Hapa nikaona pa kuponea. Kwa fundi baiskeli kuna mipira chakavu ya matairi, anaikata vipande, bei ya kutupa, na mtaani karibu wote wanafungia hiyo. Fundi akasema, "Mpira unavutika. Mimi nimebeba ndoo ya lita 20, ya udongo mbichi hiyo inafika kilo 40. Sitaki kitu kinachovutika." Akataka katani. Nikanunua katani. Nayo ina tabia zake: ikiloa inajikaza, ikikauka inalegea. Tulifunga nyingi asubuhi ya manyunyu, mchana jua la Dar likawaka, jioni unashika fundo unalizungusha kwa kidole. Tangu hapo kila alfajiri kijana mmoja analipwa kupanda na kukaza mafundo, na chini ya kila fundo la mti wa kulala kumepigiliwa kipande cha mbao kwa misumari ya inchi 4, ili fundo likisaliti, mti uangukie kipande na si mimi. Huyo kijana ndiye mtu pekee kwenye eneo la ujenzi ambaye simnung'unikii hela yake.

Mbao nikadhani zina nafuu. Inchi 2 kwa 8, tatu zikilala pamoja unapata njia ya sentimita 60, mtu na ndoo yake wanapishana. Zinatosha 12 tu, maana lipu ya nje inaanza juu inashuka, na mbao zinashuka nayo. Tatizo ni ncha. Ubao ukipita mti wake wa mwisho kwa zaidi ya shubiri moja, umekuwa mtego: ukikanyaga ncha hiyo, upande wa pili unanyanyuka, wewe unakwenda chini na ndoo inakufuata. Kijana mmoja alitaka kuuacha hivyo kwa sababu msumeno ulikuwa chini na yeye yuko juu. Fundi alimshusha akaufuate, na alimsindikiza kwa maneno ambayo mama lishe aliyasikia mpaka kwenye kona yake.

Nami sasa nimekuwa mkaguzi. Kila mrunda unaoletwa naugonga na nyundo. Ukilia kikavu, unaingia. Ukilia mdundo wa uwazi, mchwa wamekwishahamia humo na muuzaji anajua, ndiyo maana anaupakia katikati ya mzigo. Nimerudisha kadhaa. Yule muuzaji siku hizi akiniona anajifanya anaongea na simu.

Ukuta wa mbele umekamilika, umenyooka, hauna kifungo hata kimoja. Kesho tunafungua mafundo yote, tunang'oa miti na kuihamishia upande wa jikoni, tunaanza tena kufunga. Kuta zilizobaki ni tatu, na mke wangu ameanza kuuliza kwa nini hatukujenga ya chini.