Makato ya Mwisho Yalikatwa, Hayakufika

Juzi sako imenitumia ujumbe kwamba mtu niliyemdhamini hajalipa mkopo mwezi huo, na asipolipa, akiba yangu itaguswa. Ni dada niliyefanya kazi naye Industrial Area, ambaye ameacha kazi hapo karibuni, mtu ambaye hawezi kulala na deni la chai. Nikampigia simu, naye akanitumia picha ya hati yake ya mshahara wa mwisho. Makato yapo wazi kabisa: akiba 5,000, mkopo 9,800. Shilingi 14,800 zimekatwa, na sako haijaona hata senti.

Jinsi inavyotokea ni rahisi kiasi cha kuudhi. Mwajiri hatumi makato ya kila mtu peke yake. Hutuma malipo ya jumla, halafu orodha inayoonyesha kila mwanachama amekatwa ngapi. Mshahara wa dada ulipigiwa hesabu akiwa bado mfanyakazi, lakini orodha ilipokuja kuandaliwa, jina lake lilikuwa limeshafutwa. Pesa zake zikabaki kwenye akaunti ya kampuni. Hakuna aliyeiba, wanasema. Naam, zimepumzika tu.

Sasa wanaozipumzisha wasome kifungu cha 35 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya. Mwajiri akikata kwa idhini ya mfanyakazi, ana siku 7 za kuwasilisha. Akichelewa, anadaiwa kiasi kile pamoja na riba ya asilimia 5 au zaidi kwa mwezi, tena riba juu ya riba. Kwa 14,800, mwezi wa kwanza tu ni 740. Sheria haisemi "isipokuwa kama karani alishafuta jina". Kampuni inayokudai kadi ya geti, kompyuta na hata ufunguo wa droo kabla ya kukupa barua ya kuondoka inashindwaje kutuma pesa ambazo si zake?

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba sako nayo haikuwa na habari. Mitambo yake iliona mwezi mtupu ikatuma ujumbe kwa wadhamini. Dada aliiandikia idara ya wafanyakazi tu kwamba anaondoka, akidhani watapitisha habari kwa sako. Nani alishawahi kuona wakipitisha?

Kuna wanaochanganya mambo mawili hapa, na mkanganyiko huu ndio unaotuumiza sisi wadhamini. Kusimamisha makato ni agizo kwa mwajiri. Kujitoa uanachama ni jambo la wewe na sako, na kwa kawaida linataka notisi ya siku 60. Dada ana akiba ya 180,000 na mkopo uliobaki ni 240,000. Angejitoa kwa hasira, akiba yote ingemezwa na mkopo na 60,000 zingebaki zikielea. Tuko wadhamini watatu, kwa hiyo asipozipata ni 20,000 kila mmoja. Hisa nazo hazirudishwi; unamuuzia mwanachama mwingine. Busara ilikuwa abaki mwanachama na kulipa 9,800 mwenyewe, kwa agizo la kudumu la benki au kwa M-Pesa, mpaka mwajiri mpya aanze kukata.

Kwa hiyo ukipanga kuondoka, usingoje wiki ya keki na picha za kuagana. Uliza mishahara inafungwa tarehe ngapi, kwa sababu barua ikifika baada ya hapo utakatwa mwezi mwingine. Andika barua moja, nakala kwa mwajiri na nakala kwa sako, useme makato ya mwisho ni ya mwezi gani, shilingi ngapi, na kuanzia hapo utalipa kwa njia gani. Nakala yako igongwe muhuri. Zile siku 7 zikipita, omba taarifa ya akaunti kutoka sako uiweke kando ya hati ya mshahara. Kama 14,800 ziko kwenye karatasi moja na hazipo kwenye nyingine, pesa ziko kwa mwajiri, na hizo karatasi mbili ndizo ushahidi wako.

(Kile chama cha kufaana cha ofisini cha 500 kwa mwezi kina katiba yake, na mara nyingi ulichochanga hakirudi. Kitaje kwenye barua hiyo hiyo. NSSF haihitaji barua. Mshahara ukikatika nayo imekatika.)

Dada amepeleka karatasi zake. Sako imekubali kutotugusa kwa sasa. Kampuni imejibu kwamba 14,800 "zitaingia na za mwezi ujao", na kuhusu 740 wamenyamaza. Amewaandikia tena, safari hii akinukuu kifungu.