Mimi si najisi, baba

Juzi karibu na Alasiri, dukani kwetu Ngamiani, mzee mmoja alinunua maji ya chupa. Nikampa chenji mkononi, vidole vikagusana. Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Wewe! Umenitia najisi!"

"Najisi gani, baba yangu?"

"Kwani wewe si mwanamke?"

Kisha mbele ya macho yangu akafungua yale maji, akaosha mkono mpaka kwenye kifundo, akajipangusa kwa kanzu, huyo, msikitini. Akasali.

Tusi nimelimeza, tumezoea. Kinachoniuma ni kwamba alichokifanya hakimo katika madhehebu yoyote. Kama anafuata Shafii, kama sisi wengi wa pwani hii, udhu wake ulishatenguka wote, na kuosha kiganja hakumfai kitu. Kama amehamia kwa Abu Hanifa, udhu wake ulikuwa salama na maji yale kayapoteza bure. Na kubwa kuliko yote: na mimi nilikuwa na udhu wangu tangu Adhuhuri. Mbona hakuna aliyenionea huruma kwamba yeye kautengua wangu?

Maana hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Kitabu cha Safina, cha fiqhi ya Shafii, tulikihifadhi tukiwa hata kusuka nywele wenyewe hatujui: yanayotengua udhu ni manne. Kinachotoka kwenye tupu mbili isipokuwa manii. Kuondokewa na akili kwa usingizi au vinginevyo. Kukutana ngozi ya mwanamume na mwanamke, wote wakubwa, wasio maharimu, bila kizuizi. Na kugusa tupu ya mwanadamu kwa kiganja. Angalieni hilo la tatu. Ngozi mbili zimekutana, basi wote wawili wakatawadhe. Kauli ya kwamba aliyeguswa udhu wake unabaki ipo, lakini siyo iliyopewa nguvu. Ingekuwa mwanamke ni najisi, mama yako angekuwa najisi pia, na kumgusa mama hakutengui. Ukucha na nywele visingetajwa kuwa havitengui. Najisi huoshwa pale ilipogusa. Kutenguka udhu ni jambo lingine, ni hukumu juu ya mtu mzima wake, hata kama mwili unang'aa kwa usafi.

Sasa wapo vijana wetu waliorudi na vitabu vipya, wanasema habari hii ya kugusa ni mila ya wazee isiyo na dalili. Nao wamenichosha vilevile. Dalili iko ndani ya Qurani, kwenye aya ya 6 ya Suratul Maida: mkiwa wagonjwa au safarini, au mmoja wenu ametoka chooni, au "mmewagusa wanawake", na msipate maji, tayamamuni kwa udongo safi. Ugomvi ni hapo. Sahaba Ibn Abbas alisema kugusa huko ni tendo la ndoa, Mwenyezi Mungu kalisitiri kwa lugha ya adabu. Masahaba wenzake Ibn Masud na Ibn Umar wakasema ni kugusa kwa mkono.

Kila upande una hoja ya kweli. Anayesema ni mkono anakwambia: janaba imeshatajwa mwanzo wa aya ileile, kwa nini irudiwe? Tena kugusa kumewekwa ubavuni mwa kutoka chooni, nacho ni cha udhu. Anayesema ni tendo la ndoa anajibu: kule mwanzo janaba ilitajwa kwa ajili ya maji. Hapa tunazungumzia mtu aliyekosa maji. Choo kinasimama badala ya hadathi ndogo, inayotaka udhu, kugusa badala ya kubwa, inayotaka josho, ndipo tukajua kwamba mwenye janaba naye anatayamamu. Na tazama Ibn Masud alivyokuwa na msimamo: kwa kuwa kwake kugusa ni mkono, alishikilia pia kwamba mwenye janaba hatayamamu, akajadiliana na Abu Musa juu ya jambo hilo. Fumbo la mambo ni kwamba Ibn Masud ndiye shina la elimu ya Kufa, alikotokea Abu Hanifa, lakini Wahanafi hapa wakaenda na Ibn Abbas wa Makka. Na Shafii, aliyelelewa Makka kwenye elimu ya wanafunzi wa Ibn Abbas, akaenda na Ibn Masud na Ibn Umar. Halafu mtu aniambie walikuwa wanafuata mila za kwao.

Nakiri kwa shingo upande kwamba Hadithi za Bibi Aisha zinatubana. Moja, amelala mbele ya Mtume akisali, akisujudu humbonyeza naye hukunja miguu. Wakubwa wetu wanajibu kwamba huenda palikuwa na nguo. Sawa, huenda. Ya pili iko katika Sahihi ya Muslim: alimkosa usiku, akapapasa, mkono wake ukaangukia nyayo za Mtume naye yuko kwenye sijda. Hapo jibu la nguo linanikwama kooni. Ile ya kumbusu mke kisha kwenda kusali imetiwa dosari kwenye mlolongo wa wapokezi, sitaitegemea.

Maimamu Malik na Ahmad wakakaa katikati: kugusa kwa matamanio kunatengua, kusiko na matamanio hapana. Inapendeza masikioni, mpaka uanze kujihoji mbele ya mizani ya samaki kama ulitamani au hukutamani.

Damu nitaigusa kidogo, kwa sababu wanaohamahama madhehebu wananaswa hapo. Kwa Abu Hanifa sababu ya udhu kutenguka ni najisi kutoka mwilini, kwa hiyo damu ikichuruzika ikapita mahali pa jeraha, udhu hauna. Ahmad naye anasema hivyo ikiwa nyingi. Kwa Shafii na Malik sababu ni njia iliyotokea: haikutoka kwenye tupu mbili, haitengui, ingawa kwa Shafii damu yenyewe bado ni najisi ya kuoshwa. Yule sahaba aliyepigwa mishale akiwa kwenye sala katika vita vya Dhatur Riqaa aliendelea kusali damu ikimtoka.

Sasa mchukue hujaji wetu kwenye tawafu. Kaambiwa, katika msongamano ule mfuate Abu Hanifa kwenye kugusa. Vizuri. Lakini alipotawadha alipaka nywele chache tu, kama Shafii anavyomruhusu, ilhali Abu Hanifa anataka robo ya kichwa. Kisha kisigino kimepasuka, damu inachuruzika. Mwulize Shafii: umegusa wanawake, huna udhu. Mwulize Abu Hanifa: kichwa hukukitimiza, na damu imekutoka, huna udhu. Wapo wanazuoni waliolegeza kuchanganya huku, siwezi kukana. Lakini angalau ajue kwamba anachanganya, na kupaka robo ya kichwa kungemgharimu nini?

Usingizi ndio unaonifanya nimwelewe Shafii kwenye kugusa. Usingizi wenyewe si hadathi, ni mahali pa kuhofia kwamba kitu kimetoka bila mtu kujijua. Masahaba walikuwa wakisubiri Isha mpaka vichwa vinainama, kisha wanasali bila kutawadha upya. Ndiyo maana aliyelala ameketi, makalio yametulia chini, udhu wake upo. Kugusa nako ni mahali pa kuhofia matamanio. Mtu atauliza: basi kwa nini kwenye usingizi kachuja, kwenye kugusa hakuchuja? Kwa sababu makalio yanaonekana yamekaa wapi. Moyo wa mteja wangu hauonekani, wala wangu. Shafii akashika kinachopimika, ngozi kwa ngozi, akawaacha watu na nyoyo zao. Na ukiwa na shaka kama mligusana, udhu unabaki, maana yakini haiondolewi na shaka.

Ila nyie mnaojilaza ubavu kwenye mkeka wa nyuma hotuba ya Ijumaa ikisomwa, mnakoroma mpaka tunawasikia sisi upande wa wanawake, msitafute imamu wa kuwaokoa. Wote wanne wanawatuma birikani.