Hisa ya mara tatu ya faida: bei ya kutupa au mtego?

"Kuna kampuni hisa yake inauzwa mara tatu tu ya faida ya mwaka. Nikivumilia miaka mitatu hela yangu imerudi yote. Kwa nini nisichukue?" Swali ni la mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na wengi wanaonunua hisa kupitia simu hapa Mwanza wanawaza vilevile.

Hela hairudi kwa njia hiyo. Faida ya kampuni haiingii mfukoni mwa mwenye hisa. Kinachoingia ni gawio, na gawio ni sehemu tu ya faida ambayo mkutano mkuu umekubali kuitoa. Kampuni inaweza kupata faida nono miaka mitatu mfululizo ikaitumia yote kulipa madeni na kununua mashine, wewe ukabaki na karatasi. Hilo peke yake linatosha kuivunja ile hesabu ya miaka mitatu, ingawa si tatizo kubwa kuliko yote.

Uwiano wa bei na faida, ule ambao kwenye majedwali ya madalali safu yake huandikwa P/E, ni mgawanyo wa kawaida: bei ya hisa moja sokoni, gawanya kwa faida ya hisa moja kwa mwaka mzima baada ya kodi. Bei Sh 600, faida Sh 200, jibu 3. Ugumu uko kwenye namba mbili unazozigawanya, maana hazitoki wakati mmoja. Bei ni ya leo, na imebeba makisio ya wanunuzi kuhusu kesho. Faida ni ya mwaka ambao umeshafungwa. Jibu likiwa dogo, ama soko limeisahau kampuni nzuri, ama soko limeshaona kwamba faida ile haitajirudia. Namba yenyewe haikuambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Tuchukue kiwanda cha kubuni cha minofu ya sangara, tukiweke ufukweni Ilemela. Kina hisa milioni 20, kila moja inauzwa Sh 600, kwa hiyo soko linakithaminisha kwa Sh bilioni 12. Mwaka jana kimetangaza faida ya Sh bilioni 4 baada ya kodi, yaani Sh 200 kwa hisa. Uwiano ni 3, na mtaani habari imeshaenea.

Sasa fungua maelezo ya ziada, zile kurasa za maandishi madogo zinazofuata baada ya mizania. Humo tunakuta kwamba kiwanda kiliuza kiwanja na ghala la zamani, na mauzo hayo yameleta faida ya Sh bilioni 2.2 baada ya kodi. Hakuna aliyevunja sheria. Faida ya kuuza mali inaruhusiwa kuingia kwenye faida ya mwaka. Lakini kiwanja kile hakitauzwa tena mwaka ujao. Ukiiondoa fedha hiyo, biashara ya samaki imetengeneza Sh bilioni 1.8, sawa na Sh 90 kwa hisa. Uwiano umepanda kutoka 3 hadi karibu 6.7, na bei ya hisa haijasogea hata shilingi moja.

Wengi wanaosoma hesabu kwa makini huishia hapo, wakiridhika kwamba wameshaisafisha faida. Kwa biashara ya sangara haitoshi. Viwanda vya kanda hii hununua samaki wanaopungua na kupatikana kwa misimu, na mara nyingi mashine zao hufanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa mali. Bei ya minofu inaamuliwa na soko la nje, hasa Ulaya, na soko hilo linaweza kufungwa ghafla: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, na mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko ulipositisha ndege za abiria, minofu iliyokuwa ikisafirishwa ikiwa mibichi ilikosa usafiri. Biashara ya namna hii ina mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Kuipima kwa mwaka wa neema peke yake ni kununua mtumbwi wa dagaa kwa kuangalia mavuno ya siku za giza na kusahau kwamba mbalamwezi inakuja.

Kwa hiyo turudi nyuma miaka mitano, tukiangalia faida ya samaki tu. Mwaka wa kwanza Sh milioni 300. Wa pili hasara ya milioni 400. Wa tatu faida ya milioni 900, wa nne milioni 400, na huu wa mwisho bilioni 1.8. Jumla ni Sh bilioni 3, wastani wa milioni 600 kwa mwaka, yaani Sh 30 kwa hisa. Gawanya 600 kwa 30: uwiano ni 20. Hisa ileile iliyoonekana ya bei ya kutupa ni ghali.

Nasisitiza hili kwa sababu linakwenda kinyume na silika. Katika biashara za kupanda na kushuka, uwiano huwa mdogo kabisa pale faida ilipofika kileleni, kwa kuwa faida imevimba na bei imeanza kusita. Faida inaponyauka, mgawanyo huohuo hutoa namba kubwa ya kutisha, au hautoi namba yenye maana kabisa kama kuna hasara. Anayenunua kila penye namba ndogo ataingia kwenye kampuni hizi wakati mbaya, tena mara kwa mara.

Kuna jambo moja ambalo uwiano huu hauligusi kabisa, nalo ni deni. Tuseme kiwanda chetu kina mkopo wa Sh bilioni 10 kwa riba ya asilimia 15. Hiyo ni Sh bilioni 1.5 kila mwaka, samaki wapatikane wasipatikane. Mwaka jana, bila kuhesabu kiwanja, kilipata takriban bilioni 4.1 kabla ya riba na kodi. Riba ikala bilioni 1.5, kodi ya asilimia 30 ikachukua yake, ikabaki ile bilioni 1.8. Mapato hayo ya kabla ya riba yakishuka kwa asilimia 40, kinachobaki mwishoni hakishuki kwa asilimia 40. Kinashuka kwa zaidi ya asilimia 60, kwa kuwa riba haipungui. Soko likiipa kampuni yenye madeni namna hii bei ndogo, mara nyingi limeona sababu.

Mpaka hapa ni kama nasema kila namba ndogo ni mtego. Sivyo, na kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam kusema hivyo ni kosa lililowagharimu watu fedha nyingi. Mfano uko wazi. Mwaka 2020 hisa ya NMB ilikuwa imeganda Sh 2,340. Benki ilipata faida ya takriban Sh bilioni 206 mwaka huo, na hisa zake ni milioni 500, kwa hiyo faida ya hisa moja ilikuwa kama Sh 412. Uwiano: chini ya 6. Waliokuwa na wasiwasi walikuwa na hoja za maana, kwamba mikopo chechefu ilikuwa imeisumbua sekta nzima ya benki na janga la Uviko lilikuwa bado bichi. Lakini faida ile haikutokana na kuuza jengo. Ilitokana na mikopo na ada, kazi ambayo benki huirudia kila siku. Gawio la mwaka 2020 lilikuwa Sh 137 kwa hisa. La mwaka 2023 lilifika Sh 361, na bei ilikuwa imepita Sh 4,000. Hata baada ya kupanda hivyo uwiano haukufika 5, kwa kuwa faida ilikua haraka kuliko bei.

Kwa nini soko liliiacha kwa muda mrefu hivyo? Sababu mojawapo ni kwamba karibu theluthi mbili ya hisa za benki hiyo ziko kwa wamiliki wawili wakubwa, Serikali na mwekezaji mmoja wa nje, na hao hawauzi. Kinachobaki kuzungushwa ni kidogo. Bei inaweza kukaa palepale wiki nzima, si kwa sababu watu wamepima wakaafikiana, bali kwa sababu hakuna aliyeuza wala kununua kwa wingi. Katika soko la namna hii bei ni shahidi dhaifu. Wanaodai kwamba "soko linajua" wana haki yao huko ambako hisa hubadilishana mikono kutwa nzima. Kwetu uchache wa mauzo huipunguzia nguvu bei ndogo kama ushahidi wa ubovu. Ndiyo maana naona ni busara zaidi kuihoji faida kuliko kuihoji bei.

Bado kuna kipimo cha pembeni ambacho hakifai kurukwa. Geuza uwiano: hisa yenye uwiano wa 8 inazalisha faida ya asilimia 12.5 ya bei uliyolipa. Huko ambako dhamana za serikali hulipa asilimia tatu au nne, hiyo ni nono. Tanzania hatifungani za muda mrefu za serikali zimelipa riba ya tarakimu mbili kwa miaka mingi, na riba hiyo unaipokea, haisubiri mkutano mkuu. Kwa hiyo 8 ya kwetu si 8 ya huko, na namba ndogo kwenye soko letu ni hali ya kawaida kabla hata hujaanza kutafuta kasoro.

Nikirudi kwenye kiwanda chetu cha Ilemela, singekikataa moja kwa moja. Ningebishana na bei. Kwa faida ya wastani ya Sh 30 na hatari ya deni lile, mtu anayetaka uwiano wa 6 anapaswa kulipa kama Sh 180. Pengo kati ya 180 na 600 ni kubwa mno kufunikwa na matumaini. Kitu pekee ambacho kingenifanya nipandishe namba yangu ni taarifa ya mwaka ujao: kama ile fedha ya kiwanja imetumika kupunguza mkopo, riba ya bilioni 1.5 itaonekana imeshuka. Ikiwa mkopo uko palepale na fedha ya kiwanja haionekani, hata Sh 180 ningeifikiria upya.