Majina ya walioshiriki filamu: yatangulie au yafuate?

“Filamu yetu ya dakika 40 tumeipiga Mikindani. Majina tuyaweke mwanzo au mwisho, na la mwongozaji likae wapi?”

La mwongozaji hukaa jirani na hadithi. Majina yakiwa mwanzo, lake hufunga orodha, kisha tukio linaanza. Yakihamia mwisho, lake ndilo la kwanza baada ya picha kuzimika. Mpangilio wa mwanzo hupanda: kampuni, stelingi, jina la filamu, waigizaji wengine, kisha mhariri, mpiga picha mkuu, mtayarishaji, mwandishi, mwongozaji. Wakuu hao wakipelekwa mwisho, safu yao inageuzwa. Wengi hunakili orodha ya mwanzo na kuibandika mwisho ilivyo, mwongozaji akaishia chini ya mhariri, karibu na dereva.

Wanaotaka mwanzo wana hoja nzito. Kwenye kibanda umiza, majina ya mwisho yakianza tu watu wanainuka, na mwenye mashine anatafuta filamu inayofuata. Lakini kadi 10 za majina, kila moja sekunde 3, ni nusu dakika nzima, na anayetazama kwa simu huku bando linakatika hakusubiri. Mtayarishaji George Lucas alipoliacha jina la mwongozaji Irvin Kershner hadi mwisho wa The Empire Strikes Back (1980), chama cha waongozaji cha Marekani kilimtoza faini, akalipa, akajitoa. Ninyi hambanwi na chama hicho, mnabanwa na mikataba yenu: kama mlimwahidi mtu kadi ya peke yake mwanzoni, hapo hakuna mjadala.

Mimi ningegawa. Mbele wekeni stelingi, jina la filamu na mwongozaji tu, yapite juu ya picha za mashua zikitoka ghubani, hadithi ikiwa tayari inatembea. Waliobaki waende nyuma.

Stelingi wawili wenye uzito sawa ndio hugombanisha, maana anayesomwa kwanza huonekana mkubwa. The Towering Inferno (1974) iliwaweka kwenye kadi moja: Steve McQueen kushoto lakini chini, Paul Newman kulia lakini juu. Ukisoma toka kushoto, wa kwanza ni huyu. Ukisoma toka juu, ni yule. Mzee maarufu aliyetokea kwenye tukio moja mpeni kadi ya mwisho ya waigizaji, ianze na “na”. Nafasi hiyo ni ya heshima, si mkia.

Nyuma, majina yanayopanda hutetemeka iwapo kwa kila fremu hayasogei idadi kamili ya pikseli. Kwa fremu 25 kwa sekunde na kioo cha pikseli 1080 kwenda juu, sogezeni pikseli 3 kwa fremu: kila mstari utaonekana sekunde 14 hivi. Mistari 60 yenye nafasi ya pikseli 60 kila mmoja itakula dakika moja na sekunde mbili. Mkiivuta ili ilingane na wimbo, mwendo unakuwa pikseli 2 na nusu na herufi zinaanza kucheza. Kateni wimbo, mwendo muuache.