Kitufe kimoja cha kuhifadhi, kingine cha kupakia

Kama unatumia Windows 11 na skrinishoti unapiga mara mojamoja, usihangaike kusakinisha chochote. Bonyeza Win + Shift + S, zungushia eneo unalolitaka, nenda WhatsApp ubonyeze Ctrl + V. Nakala yake inabaki kwenye folda ya Screenshots, ndani ya Pictures. Wengi wetu kazi inaishia hapo.

Mambo hubadilika pale unapohitaji linki badala ya picha. Chukua mhudumu wa wateja ambaye mfumo wake wa kujibia unapokea maandishi tu. Akitumia Snipping Tool, yaani hiyo Win + Shift + S, itabidi apige picha, afungue tovuti ya kuhifadhia, alitafute faili, alipakie, anakili linki, ndipo arudi kumjibu mteja. ShareX, programu ya bure ya Windows, ikipangwa hivyo inamfanyia yote hayo: akishachagua eneo, picha inapanda yenyewe na linki inamsubiri tayari kubandikwa.

Raha hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Picha iliyopakiwa Imgur, mojawapo ya tovuti hizo za kuhifadhia, huonwa na yeyote mwenye linki, bila nywila. Na skrinishoti ya harakaharaka haikosi kitu pembeni: namba ya simu ya mteja, salio, arifa iliyochomoza sekunde ileile. Ukiruhusu kila picha ipande moja kwa moja, utaliona kosa likiwa tayari mtandaoni.

Mimi natenga vitufe. Kwenye After capture tasks ya ShareX nahakikisha Upload image to host haina tiki, ili Ctrl + Print Screen ihifadhi na kunakili tu. Halafu naingia Hotkey settings, naongeza kitufe cha pili cha Capture region, tuseme Ctrl + Shift + U, na kwenye mipangilio ya kitufe hicho peke yake naamuru picha ifunguke kwanza kwenye kihariri, kisha ipakiwe. Kihariri kinanipa nafasi ya kufunika namba kwa kisanduku cheusi. Kuitia ukungu hakunitoshi, kwa sababu tarakimu zilizofifishwa kidogo bado zinaweza kukisiwa.

Msijidanganye kwamba chombo cha Windows ni salama kwa kuwa kimekuja na mashine. Mwaka 2023 iligundulika kwamba Snipping Tool ya Windows 11, ukikata picha na kuihifadhi juu ya faili lilelile, iliacha mabaki ya sehemu uliyoikata, na yangeweza kurejeshwa. Microsoft walirekebisha.

Kero utakayokutana nayo mapema ni kugombea Print Screen. Kitufe chenye alama nyekundu kwenye Hotkey settings kimeshachukuliwa na programu nyingine, mara nyingi Windows yenyewe au OneDrive. Kwa Windows, ingia Settings, Accessibility, Keyboard, uzime swichi inayoipa Snipping Tool kitufe hicho, kisha ufunge ShareX na kuifungua upya.