Gari la kukodi kwenye mizania: riba ya mkataba au riba ya mkopo?

"Gari tumelikodi miaka mitatu, mwishoni tunalirudisha. Liingie kwenye mizania? Na tutumie riba ipi?"

Liingie. Mkataba umetaja gari moja kwa namba yake ya chasisi, ninyi ndio mnaoamua liende wapi na nani aliendeshe, na manufaa yake karibu yote ni yenu. Mkodishaji kuwaletea jingine wakati hili liko gereji hakubadilishi kitu. Ingekuwa huduma tu kama angeweza kuwaletea gari lolote siku yoyote, na akanufaika kwa kufanya hivyo. Misamaha miwili nayo haiwafai: miezi 36 inazidi ile 12 ya ukodishaji wa muda mfupi, na IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa ukodishaji, inasema wazi kwamba gari si mali ya thamani ndogo, hata kama ni kuukuu, kwa kuwa thamani hupimwa kana kwamba ni jipya.

Ugomvi uko kwenye riba. Wapo wanaoshikilia riba iliyomo ndani ya mkataba, yaani ile anayoipata mkodishaji, na hoja yao ina uzito: kanuni inaitanguliza, na inatokana na mkataba huu huu, si na mkopo ambao hamkuwahi kuuchukua. Wanaotumia riba ya mkopo wa nyongeza, yaani ile ambayo benki ingewatoza kwa mkopo unaofanana na mkataba huu, huonekana kama watu waliokimbia hesabu. Lakini kanuni inasema riba ya mkataba itumike pale tu inapoweza kujulikana kwa urahisi, na hapo ndipo wengi wanapopita haraka mno.

Tuchukue gari la thamani ya 40,000 linalolipiwa 900 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 36. Jumla ya malipo ni 32,400. Ukitafuta riba kwa tarakimu hizo peke yake unapata riba hasi, kana kwamba mkodishaji anafanya biashara ya kupata hasara. Kilichokosekana ni thamani ya masalio, yaani thamani anayotarajia gari litakuwa nayo likirudi. Akitarajia 16,000, Exceli itakupa karibu asilimia 9.7 kwa mwaka:

```
=RATE(36,900,-40000,16000)*12
```

Sasa badilisha hiyo 16,000 tu. Kwa 14,000 riba inashuka hadi karibu 7.7; kwa 18,000 inapanda hadi 11.6. Tofauti ya 4,000 kwenye makisio ya bei ya gari lililotumika miaka mitatu imesogeza riba kwa karibu pointi nne. Makisio hayo yako kichwani mwa mkodishaji, pamoja na gharama zake za awali za kupata mkataba, ambazo nazo huingia kwenye hesabu. Ukichukua bei za mtandaoni ukaziita thamani ya masalio, umekisia vilevile, ila kisio lako limevaa sura ya hesabu. Bei ya kununua gari mwishoni, kama mkataba umeitaja, nayo si lazima iwe ndiyo thamani anayoitarajia yeye.

Riba ya mkopo wa nyongeza, kinyume chake, inaweza kuulizwa. Iombe benki bei ya mkopo wa miezi 36, kwa sarafu ya mkataba, wa kiasi kinachokaribia haki ya kutumia gari (hapa ni kama 28,000, si 40,000), wenye dhamana na unaolipwa kidogo kidogo kila mwezi. Riba ya ovadrafti haifai, kwa kuwa haina muda wala dhamana inayolingana. Gharama ya wastani ya mtaji haifai pia. Ndani yake mna faida ya wenye hisa. Na uulize riba inakokotolewaje: asilimia 6 inayotozwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho ni karibu 11 kwenye salio linalopungua. Barua ya benki iwekwe kwenye faili siku gari linapokabidhiwa, kwa sababu riba ya siku hiyo ndiyo inayotumika.

Upande wa pili utasema tunabishana juu ya kidogo, na kwa mkataba mfupi hawajakosea sana. Kwa 7.7 dhima, yaani thamani ya leo ya malipo yote, ni karibu 28,870, kwa 11.6 ni karibu 27,260. Pengo ni 1,600 hivi. Basi na tutazame pengo lililo kubwa zaidi: ikiwa 120 kati ya zile 900 ni za sevisi na matairi, hizo ni huduma, na zisipotengwa dhima kwa asilimia 9 inakuwa 28,300 badala ya 24,530. Kanuni inaruhusu kutozitenga, mradi uamuzi huo uhusu magari yote ya aina hiyo. Ila ukizitenga kwenye dhima, zitoe pia kwenye ile fomula: kwa 780 na masalio ya 16,000, ile riba ya 9.7 inaanguka chini ya 5.