Chumvi ya baharini na madini joto

Eti chumvi ya mawe ya baharini ni bora kwa afya kuliko ya pakiti kwa sababu "ina madini joto ya asili"? Hapo sikubali. Maji ya bahari yana madini joto kidogo mno, na chumvi inapoganda kwenye mabwawa hata hayo hayabaki ya kutosha kuzuia rovu. Nyingi ya chumvi za pakiti tunazonunua hapa Dodoma nazo zimetoka baharini. Tofauti ni kwamba kiwandani hunyunyiziwa potasiamu aiodeti. Kwa presha zote ni zilezile, gramu kwa gramu. Ya mawe hudanganya tu kwa kuwa punje zake kubwa hazijazi kijiko. Kupima kama chumvi ina madini joto ni rahisi: tone la dawa ya kupimia yenye wanga hugeuza chumvi yenye madini joto kuwa zambarau, isiyo nayo hubaki nyeupe. Ila hata ya pakiti huyapoteza ikiachwa wazi ikapata unyevu, kwa hiyo ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko na uitie mboga ikikaribia kuiva. Wenzangu mnaonunua ile ya kupimiwa sokoni, muuzaji huifunika?